Ramani Chini ya Miwani

Kila mgeni aliyeingia ofisi ya kilimo ya wilaya, pale Mpanda, alisimama kwanza mbele ya ramani ya Evodi kabla hajasema shida yake. Ilitundikwa ukutani mkabala na mlango, ndani ya fremu ya mninga aliyoitengeneza Evodi mwenyewe. Ilionyesha wilaya nzima, kuanzia ufukwe wa Ziwa Tanganyika hadi mbuga za Mpimbwe. Ziwa lilikuwa la buluu nyepesi iliyopakwa kwa brashi, mara mbili, ili isiwe na mabaka. Mbuga za mpunga zilikuwa kijani kilichokolea, ardhi ya mahindi kahawia, vichanga, yaani ardhi ya mchanga ya karanga na mihogo, manjano hafifu. Mapori ya mbung'o, ambako ng'ombe akiingia hatoki salama, yalikuwa mekundu. Majina ya vijiji aliyaandika kwa mkono, herufi zenye tumbo nene na mikia myembamba kama unywele.

Pale chini pembeni aliandika jina lake. Wageni walipouliza, "Hii kazi ya nani?" Evodi alikuwa hajibu. Aliendelea kuchonga penseli, akamwacha mwingine amtaje. Miaka kumi na mmoja alikuwa amelisikia swali hilo, na hakuwahi kuchoka kulisikia.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tisa, mwembamba, shati limepigwa pasi, baiskeli yake imefutwa vumbi. Uchoraji aliujifunza ujanani kwenye ofisi ya wahandisi wa mgodi wa madini ya risasi, na mgodi ulipofungwa akabaki na ufundi wake na boksi la kalamu za wino. Hakunywa pombe, hakukopa, hakukosa misa. Watu wa Makanyagio, mtaani kwake, walimwita mtu safi, na kwa mambo yanayoonekana kwa macho alikuwa safi kweli. Lakini upo uchafu ambao hauonekani kwenye kola ya shati, na habari hii ni ya uchafu huo.

Mwaka 1976, mwezi wa tano, ofisi iliamua kutoa kijitabu cha wakulima. Watu wengi walikuwa wamehamia vijiji vipya na hawakuijua ardhi waliyopewa. Wengine walikuja na maksai wao toka mbali, wakalima karibu na pori la mbung'o bila kujua, wakapoteza wanyama wote msimu mmoja. Kijitabu kingewaonyesha wapi pa mpunga, wapi pa mahindi, wapi pa kutopeleka mnyama. Maneno yaliandikwa na Ndugu Baltazari mwenyewe, Bwana Shamba wa wilaya. Picha zilikuwa tatu: ramani ya Evodi, mchoro wa mvua wa vituo vitatu, na mchoro wa jaruba la mpunga. Zote Evodi alizichora kwa rangi, zikapelekwa Tabora kwa treni, kwa wachapaji.

Baada ya wiki tatu bahasha ikarudi. Ndugu Baltazari aliifungua mbele ya wote. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye miwani mizito ya kuonea mbali. Alipotaka kusoma aliivua, akasogeza karatasi mpaka karibu iguse pua.

"Ziwa limekwenda wapi?" akauliza.

Evodi akasogea. Kwenye karatasi ya majaribio ziwa halikuwapo. Pale penye buluu palikuwa peupe, na mito yote imefutika. Upande wa pili nyekundu, kahawia na kijani vyote vimekuwa weusi mmoja, kama sufuria lililoungua. Ile manjano ilibaki mabaka mabaka. Mikia ya herufi zake ilikatika, jina la Kapalamsenga likabaki vijiti vilivyosimama bila kushikana.

Barua ya wachapaji ilieleza kwa ufupi. Kijitabu kitachapwa kwa wino mweusi tu. Kamera yao haioni rangi: buluu nyepesi inaiona nyeupe, nyekundu inaiona nyeusi, na hakuna kijivu katikati, ni ama nyeusi ama nyeupe. Picha zichorwe upya kwa wino mweusi, kila eneo litofautishwe kwa mistari au nukta badala ya rangi. Zichorwe kubwa, wao watazipunguza hadi theluthi moja ili ziingie kwenye ukurasa.

"Basi tumekausha Ziwa Tanganyika," alisema Ndugu Baltazari. "Watu wa Karema watatushtaki." Akacheka, akavaa miwani, kisha akatazama upande wa dirisha. "Kalista, mwanangu, hii kazi ichukue wewe. Nyie wa chuo mmefundishwa hivi vitu vya mistari na nukta."

Kalista alikuwa na miezi minne tu ofisini. Alizaliwa Kapalamsenga, binti wa mvuvi, akasoma upimaji na uchoraji Dar es Salaam, akarudishwa wilayani kwao. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, mpole, anaamkia kila mtu kwa jina la heshima. Alimtazama Evodi kabla ya kujibu.

"Labda Mzee Evodi angependa kuchora mwenyewe, ni ramani yake."

"Mzee Evodi ana kazi ya mipaka ya kijiji cha Kabungu," alisema Ndugu Baltazari. "Chukua."

Evodi alisema, "Achukue tu." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Kuanzia siku ile aliacha kuitazama ramani yake na akaanza kuitazama meza ya Kalista.

Msichana alibandika karatasi ngumu nyeupe yenye upana wa sentimita thelathini na sita. Alinakili mipaka kwanza kwa penseli ya buluu nyepesi. Evodi alielewa mara moja kwa nini: kamera isiyoiona buluu haitaiona penseli hiyo, kwa hiyo hakuna haja ya kufuta na kuchubua karatasi. Ulikuwa ujanja mzuri, naye alimchukia kwa kuujua. Kisha akaingia kwenye wino. Mapori ya mbung'o aliyajaza mistari iliyokatana kama wavu, kwa sababu, alisema, mahali pa hatari pawe peusi kuliko kote, jicho liende hapo kwanza. Ardhi ya mahindi aliipa mistari ya mshazari. Vichanga akavipa nukta. Mbuga za mpunga akazichorea mistari ya kulala yenye vishungi vidogo vya majani, hata asiyejua kusoma aone kwamba ni mahali pa maji na nyasi. Ziwa aliliacha jeupe, akazungusha mistari mitatu kufuata ufukwe, na katikati akaandika jina lake.

Kwenye mchoro wa mvua alifanya jambo ambalo Evodi hakulifikiria. Mistari mitatu ya Evodi ilikuwa myekundu, ya buluu na ya kijani, na chini palikuwa na maelezo ya kila rangi. Kalista alichora mmoja mzima, mmoja wa vipande, mmoja wa nukta, na mwishoni mwa kila mstari akaandika jina la kituo palepale. "Ili mtu asipande na kushuka na kidole kutafuta," alisema.

Watu wakaanza kusimama kwenye meza yake. Karani alisimama, dereva alisimama. Katekista mmoja toka Usevya, aliyekuja kuomba mbegu, aliipita ramani ya ukutani kama anavyopita ukuta mtupu, akaenda kuinamia ya Kalista.

"Huu wavu umeshonwa vizuri," alisema. "Baba yako mvuvi?"

"Mvuvi," alijibu Kalista, akicheka.

"Nilijua. Mkono haupotei."

Evodi alivunja ncha ya penseli. Akaichonga. Akaivunja tena.

Nyumbani, mkewe Verdiana aliona kwamba hali chakula vizuri. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, Mpimbwe wa kulima mpunga, mwenye jicho la kuona nafaka iliyooza ndani ya gunia zima.

"Huyo binti amekukosea nini?" aliuliza siku moja wakichambua maharage.

"Binti gani?"

"Ambaye humtaji. Zamani ulikuwa unaniambia habari za ofisi. Sasa unanihadithia za baiskeli."

"Hajanikosea. Watoto wa siku hizi wanapewa kazi za watu, ndiyo hivyo."

"Kazi ya watu au kazi yako?"

Evodi aliinamia maharage. Na mtu anayeshindwa kujibu swali fupi namna ile mbele ya mkewe ajue kwamba jibu analo.

Siku ya Jumanne Kalista alimaliza. Kesho yake ilikuwa siku ya treni. Mchana, wenzake walipokwenda kula, Evodi alibaki. Alisogea kwenye ile meza na kusimama na mikono nyuma, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Ilikuwa kazi nzuri. Alitafuta kosa kwa dakika nyingi asilione. Mistari ilikuwa imekaribiana sawasawa, milimita moja kutoka mmoja hadi mwingine, kazi ya subira ya kuogofya. Nukta zilikuwa ndogo na nyingi kama ulezi uliomwagika. Majina ya vijiji yaliandikwa kwa kalamu yenye ncha nyembamba kuliko zote, herufi za milimita tatu, safi.

Kisha akakumbuka neno theluthi.

Kule mgodini mhandisi wake alikuwa na kioo maalumu, kimebonyea katikati, ambacho ukikishika juu ya mchoro unauona mdogo. Kabla ya mchoro wowote kupigwa picha na kupunguzwa walikuwa wanaupitisha chini ya kioo kile, maana mchoro ukipungua, kila kitu kinapungua nao: unene wa mstari, urefu wa herufi, na nafasi nyeupe kati ya mstari na mstari. Kalista alisoma kuchora ramani za viwanja, ambazo hunakiliwa kwa ukubwa uleule. Hakuna aliyemfundisha hili.

Kioo cha mgodini hakikuwapo. Lakini juu ya meza ya Ndugu Baltazari palikuwa na miwani yake, ameivua asome barua na kuisahau. Miwani ya mtu asiyeona mbali ni kioo cha namna ileile. Evodi aliichukua, akaishika kiganja na nusu juu ya ramani, akainama kutazama.

Mapori ya mbung'o yalikuwa meusi tii. Hapakuwa na wavu, palikuwa na doa. Mshazari wa mahindi ulishikana, ukawa doa jingine karibu jeusi vilevile. Nukta za kichanga ziliungana kama uji. Majina yalikuwa chawa waliolala mstarini. Sentimita thelathini na sita zikiwa kumi na mbili, mkulima wa Kabungu asingeweza kujua wapi alime na wapi maksai wake watakufa.

"Unaiba miwani yangu, Mzee?"

Ndugu Baltazari alikuwa mlangoni, anapapasa njia kwa macho yaliyokunjwa.

"Naangalia fremu," alisema Evodi. "Nimeona kama skrubu imelegea."

"Ukiivaa hiyo utaanguka ngazi. Mimi mwenyewe bila hiyo nakuona wewe kama nguzo ya simu." Aliichukua, akaivaa, akaitazama ramani. "Mtoto amefanya kazi, eh?"

"Amefanya."

Wenzao wakarudi. Kalista alikuja moja kwa moja, akasimama mbele ya Evodi mikono pamoja.

"Shikamoo tena, Mzee. Kabla sijafunga, naomba unitazamie. Wewe umechapisha vitu mgodini, mimi sijawahi. Kuna kasoro?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili. Sikubaliani na wanaosema kwamba mtu huteleza. Aliyesimama mahali pakavu, anaona shimo, na anaulizwa na mwenzake kama pana shimo, huyo hatelezi. Evodi aliitazama ramani kana kwamba anaitazama kwa mara ya kwanza. Alipitisha kidole juu ya wavu ule.

"Sina la kuongeza," alisema.

"Asante, baba," alisema Kalista, na uso wake ukang'aa.

Bahasha ikaondoka na treni ya Jumatano.

Ajabu ya wivu ni kwamba ukishalishwa unakuwa na adabu. Wiki tatu zile Evodi alikuwa mwema kupita kawaida. Alimwazima Kalista rula yake ya chuma. Alimletea mahindi mabichi toka shambani. Alisubiri treni kwa utulivu, kama mkulima anayejua mvua itanyesha lini. Kitu kimoja tu kilimsumbua: lile neno baba. Lilikuwa linamrudia akiendesha baiskeli, akinyoa ndevu, akipiga magoti kanisani. Alilifukuza kwa kujiambia kwamba hakusema uongo. Alisema hana la kuongeza, na kweli hakuongeza.

Chapa ya majaribio iliporudi, Ndugu Baltazari hakucheka. Aliisogeza puani, akaigeuza, akaisogeza tena.

"Safari hii ziwa lipo," alisema. "Ila nchi kavu yote imeungua."

Kalista aliichukua. Jaruba lilikuwa limepona, na mchoro wa mvua pia, mistari mitatu inasomeka, lakini majina ya vituo yalikuwa vumbi. Ramani ilikuwa madoa mawili makubwa meusi na utando wa kijivu. Wachapaji walikuwa wameandika kwa penseli: *Mistari imebanana mno. Tukichapa hivi wino utaziba kabisa. Tunahitaji mpya kwa treni ijayo, la sivyo zamu yenu inapita hadi baada ya mvua.*

"Treni ijayo ni kesho kutwa," alisema Ndugu Baltazari. Alichoka ghafla, akakaa. "Mwanangu, si ulisema umefundishwa?"

"Nimefundishwa, Ndugu. Sikufundishwa hili."

"Basi ungeuliza." Hakuwa mkali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nimewaahidi vijiji kumi na vinne. Mzee Evodi, chukua kazi yako. Wewe Kalista utakwenda Kabungu kushika mnyororo wa kupimia mipaka."

Ilikuwa imetimia. Evodi alifungua boksi la kalamu za mgodini, akatoa ile ya ncha nene. Mkono wake ulikuwa imara. Alijua hasa la kufanya: mistari milimita tatu kutoka mmoja hadi mwingine, herufi za milimita saba, zilizosimama wima, unene mmoja, bila mikia. Angemaliza kesho jioni, na jina lake lingechapwa kwenye vijitabu elfu mbili. Kalista alikuwa anakusanya vitu vyake mezani polepole, kwanza kifutio, kisha rula ile ya chuma, ambayo alikuja kuirudisha kwa mikono miwili.

Ndugu Baltazari hakupenda ofisi yenye kimya, akatafuta la kuchekesha.

"Au tuwape wakulima miwani kama yangu wasomee," alisema. "Huyu Mzee siku ile nimemkuta ameiinua juu ya ramani ya Kalista, anachungulia kama mganga anaangalia maji kwenye bakuli. Nikamwambia utaanguka."

Dereva alicheka. Kalista hakucheka. Alikuwa bado ameishika rula kwa ncha moja, Evodi ameishika kwa ncha nyingine.

"Siku gani, Ndugu?" aliuliza.

"Siku ulipomaliza. Mchana. Kwa nini?"

"Naomba miwani yako kidogo."

Ndugu Baltazari aliivua, akampa. Kalista alikwenda kwenye bahasha, akaitoa ramani yake ya wino iliyorudishwa, akaitandaza, na kando yake akaweka chapa ya majaribio. Aliinua miwani juu ya ramani. Aliishusha. Aliinua tena, mpaka mahali fulani mkono ukatulia. Akatazama kwenye kioo, akatazama chapa, akatazama kwenye kioo. Vilikuwa kitu kimoja. Doa kwa doa.

Aliiweka miwani chini taratibu.

"Uliona," alisema.

Hakumwita Mzee wala baba. Evodi, aliyekuwa amejiandaa kwa kila jambo isipokuwa hili, aliona chumba chote kimemgeukia: dereva, karani, na Ndugu Baltazari anayekodoa macho asione kitu.

"Aliona nini?" aliuliza Ndugu Baltazari. "Nyie, mbona siwaelewi? Nipeni miwani yangu."

Angeweza kusema ile ya skrubu. Ilikuwa imekaa ulimini tayari. Lakini mbele yake palikuwa na rula, na mikono miwili ya adabu iliyokuwa imemrudishia, na akaona kwamba uongo wa pili ungempasa auchore vizuri kuliko wa kwanza, na wa tatu vizuri zaidi, maisha yake yote.

"Niliona kwamba itaziba," alisema Evodi. "Miwani ile inapunguza. Niliona madoa, niliona herufi hazisomeki. Akaniuliza kama kuna kasoro. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wanasimama mezani kwake."

Lilikuwa jibu la kitoto, na lilikuwa la kweli. Hakuna aliyecheka. Ndugu Baltazari alivaa miwani, akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma bango kutoka mbali.

"Ng'ombe wa watu, Evodi," alisema mwishowe. "Mtu analima na maksai wawili, hana kingine duniani. Na wewe unatazama nani anasimama mezani kwa nani. Barua ya onyo itaingia faili lako leo, nitaiandika mwenyewe. Sasa niambie nani atachora, maana mimi sijui nimwamini nani."

Evodi alilifunga boksi la kalamu, akalisukuma mpaka ukingoni mwa meza, upande wa Kalista. Boksi hilo hakuwahi kumwazima mtu.

"Achore yeye. Mkono wake ni mzuri kuliko wangu. Mimi nitampa vipimo."

Kalista hakuligusa kwa kitambo.

"Milimita ngapi?" aliuliza, bila kumtazama usoni.

"Tatu kati ya mstari na mstari. Zikipungua zitakuwa moja. Chini ya hapo wino unaruka. Kalamu ya ncha nene, maana mstari mwembamba ukipungua unakatika."

"Na wavu?"

"Wavu uachie macho makubwa. Macho milimita tano, ila kalamu iwe nene kuliko zote, ndiyo utabaki mweusi kupita wengine. Mshazari wa mahindi ulalie upande mmoja tu, tena kwa kalamu ya kati, usifanane na wavu mahali vinapokutana. Nukta chache, kubwa."

"Na majina yaliyo ndani ya mistari?"

"Usiandike juu ya mistari. Acha dirisha jeupe, jina likae ndani. Milimita saba. Herufi nene, zisizo na mikia." Akasita. "Siyo kama zangu za ukutani."

Walifanya kazi siku mbili, meza moja. Evodi alipima kwa rula na kuweka alama za penseli ya buluu, binti akapitisha wino. Kila kipande kilipokauka Kalista aliomba miwani, akainama mwenyewe kutazama. Hakumwomba Evodi atazame. Hakumwamkia asubuhi ya pili, wala Evodi hakustahili kuamkiwa. Binti alipokosea kipimo kimoja karibu na Karema, Evodi alimwambia, naye akakwangua wino kwa wembe, akarudia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Jumatano ramani ikaondoka.

Kijitabu kilitoka mwezi wa tisa, kabla ya mvua. Kwenye ukurasa wa mwisho paliandikwa: *Michoro: Kalista*, na jina la baba yake. Ndugu Baltazari alikuwa ameuliza kama waandike majina ya wote wawili. Evodi alisema hapana. Nisingependa msomaji adhani kwamba aliposema hapana alikuwa amepona. Kwa wiki nyingi alikuwa akikifungua kijitabu ukurasa ule akiwa peke yake, akisoma lile jina, akikifunga.

Mwezi wa kumi alitumwa Kabungu kugawa vijitabu. Mjane mmoja, Nyanzala, aliyekuwa amehamia toka Usukumani na maksai wanne, alikipokea akiwa amesimama juani. Hakujua kusoma. Alifungua ramani, akaigeuza mpaka kaskazini ikakaa kaskazini, kisha akaweka kidole.

"Hapa penye wavu," alisema, "ndipo mnaposema pana mbung'o?"

"Ndipo."

"Na sisi tupo hapa, penye mistari iliyolala upande." Kidole kilipita polepole, kikasimama mpakani. "Kumbe kisima kile cha juu kiko ndani ya wavu. Nilitaka kuwapeleka maksai kesho." Alipima umbali kwa kucha. "Hii inaeleweka kuliko maneno. Kazi ya nani?"

Swali lile. Alikuwa amelisikia miaka kumi na mmoja, na sikuzote alisubiri mwingine ajibu. Alitazama huku na huku. Hapakuwa na mwingine. Palikuwa na mama yule, maksai wanne waliolala kivulini wakicheua, na baiskeli yake imeegemea ua.

Angeweza kusema ni ya ofisi. Hilo nalo lisingekuwa uongo.

"Ya binti mmoja wa Kapalamsenga," alisema Evodi. "Anaitwa Kalista."

"Mwambie ahsante."

"Nitamwambia."

Alipanda baiskeli. Njiani kuelekea mjini alirudia lile neno moyoni ili asilipunguze. Alipofika ofisini Kalista alikuwa anaandika. Evodi alisimama mezani kwake, pale walipokuwa wakisimama wengine, akasema kama alivyotumwa.